Saa tatu ya Jumamosi: boti ya saluni niliyoijenga mara tatu

Simu iliita Jumamosi asubuhi nikiwa bado kitandani. Alikuwa dada mwenye saluni, na hakusalimia. "Mdogo wangu, kuna mteja kasimama mlangoni na simu mkononi, anasema boti yako imempa nafasi ya saa tatu. Kwenye daftari hayupo. Na kiti kina mtu."

Nikamwomba anitumie picha ya skrini ya huyo mteja. Ilisomeka hivi: "Sawa kabisa! Nimekuwekea nafasi yako Jumamosi saa 3 asubuhi kwa rasta ndogo. Karibu sana!" Nikafungua kompyuta nikaangalia hifadhidata. Hakukuwa na kitu. Si kwamba nafasi ilifutwa, haikuwahi kuandikwa. Boti ilikuwa imesema tu, kwa ukarimu na kwa Kiswahili safi, jambo ambalo haikulifanya.

Boti ninayoizungumzia si ile ya kwenda Unguja, ni programu inayojibu wateja WhatsApp na kuwapangia nafasi. Niliijenga mara tatu kwa saluni moja ya kusuka hapa Dar es Salaam. Mara ya kwanza kwa mtiririko wa hatua zilizopangwa, mara ya pili nikaiachia modeli ya lugha, yaani akili mnemba inayotunga majibu yenyewe, iongee itakavyo, mara ya tatu nikazigawia kazi njia hizo mbili. Jumamosi hiyo ilikuwa katikati ya mara ya pili.

Ya kwanza niliijenga kama tulivyozoea kwenye menyu za simu za kutuma pesa: chagua huduma, chagua siku, chagua saa, thibitisha. Kila mteja ana hali moja kwenye jedwali, kwa mfano `CHAGUA_SIKU`, na kila jibu lake linamsogeza hali inayofuata au linambakiza hapo hapo. Faida yake unaiona siku ya kwanza. Boti haiwezi kusema neno ambalo hukuliandika wewe, na mteja akilalamika unasoma jedwali unaona alikwama wapi.

Shida ilianza na vipimo vya WhatsApp yenyewe. Ujumbe wa vitufe unabeba vitufe 3 tu, visivyozidi herufi 20 kila kimoja. Ukitaka zaidi unatumia orodha, nayo ina mistari 10, na jina la mstari lisizidi herufi 24. Saluni ina kusuka rasta, twende kilioni, wiving, kuosha na kuseti, dawa, kucha, na kila msuko una ukubwa na urefu wake. Nikagawa orodha ndani ya orodha. Mteja akawa anabonyeza mara saba kupata kitu ambacho kwa mdomo angekisema kwa pumzi moja.

Na wateja hawakubonyeza. Waliandika. Siku moja nilikaa nikasoma mazungumzo yote ya wiki mbili, kazi ambayo ningeifanya mapema ningejiokoa mengi. Wengi walioishia njiani waliishia kwa swali, si kwa kuchoka. Swali lililorudi kuliko yote lilikuwa hili: "Rasta nije nazo au mnazo?" Boti yangu, iliyokuwa ikisubiri kitufe cha siku, ilijibu: "Samahani, sijaelewa. Tafadhali chagua siku." Mteja anauliza tena kwa maneno mengine. "Samahani, sijaelewa." Mmoja aliandika, "Basi niite mtu," akaondoka.

Kulikuwa na kosa jingine ambalo sikulitegemea. Vitufe vya WhatsApp havifutiki baada ya kutumika, vinabaki kwenye mazungumzo. Mteja wa wiki iliyopita anapandisha juu, anabonyeza "Thibitisha" ya zamani, na boti inadhani anathibitisha ya leo. Dawa yake ni rahisi ukishaijua: kila kitufe kibebe namba ya ombi ndani ya kitambulisho chake, kama `thibitisha:4182`, na namba isipolingana na ombi lililo wazi, boti iseme kitufe hicho ni cha zamani. Mimi niliijua baada ya msusi mmoja kukaa asubuhi nzima akimsubiri mtu ambaye hakuwa na habari kwamba ameweka nafasi.

Kwa hiyo nilipopata modeli ya lugha iliyoandika Kiswahili kizuri, niliona nimeokoka. Niliiandikia maelekezo ya ukurasa mmoja: wewe ni mhudumu wa saluni, bei ni hizi, tunafungua saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, ukishapata huduma, siku na saa, ita kazi ya `weka_nafasi` iandike kwenye hifadhidata. Hali zote nikazitupa. Jioni hiyo hiyo iliongea vizuri kuliko nilivyotumaini. Mteja anauliza rasta, inajibu, kisha inarudi kwenye siku bila kusukumwa. Anaandika "jmosi asbh" inaelewa. Dada mwenye saluni alicheka akasema huyu binti umemtoa wapi. Nilijisikia mtu mkubwa.

Kisha matatizo yakaanza kuja, moja moja.

La kwanza lilikuwa bei. Mteja wetu hupatana, ndivyo tulivyolelewa. "Punguza basi dada, mimi mteja wako wa siku zote." Modeli imefunzwa kuwa mwema na haina mfuko unaouma, kwa hiyo baada ya kuombwa mara tatu ilikubali kutoa rasta za 45,000 kwa 35,000. Dada aliiheshimu ahadi hiyo, maana neno limeshatoka kwa jina la saluni yake. Nilimrudishia tofauti mfukoni mwangu. Nikaongeza kwenye maelekezo: usipunguze bei kamwe. Ikaacha kupunguza bei, ikaanza kuahidi kuosha nywele bure.

La pili lilikuwa malipo. Tulikuwa tunaomba kianzio cha 10,000 kushikilia nafasi. Mteja mmoja alinakili ujumbe wa muamala na kuubandika kwenye mazungumzo. Modeli iliusoma, ikashukuru, ikaandika kwamba kianzio kimepokelewa. Ujumbe ule ulikuwa wa muamala wa kweli, ila wa mwezi uliopita na wa duka jingine kabisa. Sidhani hata alikusudia kudanganya. Nafikiri alikosea ujumbe wa kunakili. Lakini kwa modeli, maneno yanayofanana na risiti ni risiti.

La tatu ndilo lile la Jumamosi. Nilitumia siku mbili kutafuta hitilafu kwenye `weka_nafasi`, na haikuwepo. Kazi haikuitwa. Mteja alikuwa ameuliza mambo mengi, mazungumzo yamefika ujumbe wa thelathini na kitu, na mwisho akaandika "Sawa, nimekubali hiyo." Baada ya neno kama hilo, sentensi inayofuata kwa kawaida katika mazungumzo ya watu ni "Nimekuwekea nafasi." Modeli huandika kinachofuata kwa kawaida. Mara nyingi inaita kazi kwanza kisha inasema. Mara chache inaruka moja kwa moja hadi kusema. Nikaandika kwa herufi kubwa kwenye maelekezo kwamba ISITHIBITISHE kabla ya kuita kazi. Ilipungua, haikuisha. Na kwa saluni, nafasi moja ya uongo kwa mwezi inatosha kukuchafulia jina, kwa sababu mteja huyo amekuja kwa daladala mbili na ana harusi jioni.

Bili nayo ilinishangaza. Modeli haikumbuki chochote yenyewe. Kila ujumbe mpya ukiingia, unaitumia mazungumzo yote tangu mwanzo. Kwa hiyo mazungumzo marefu mara mbili yanagharimu zaidi ya mara mbili, na mazungumzo marefu kuliko yote yalikuwa ya wanaopatana bei, ambao ndio wasiokuja.

Nilitaka kurudi kwenye vitufe. Dada alikataa. "Wateja wameshazoea kuongea," alisema. "Wewe mzuie kuahidi, usimzuie kusikiliza." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Nilikuwa nimechukua kusikiliza na kuahidi kama kitu kimoja, wakati kusikiliza ndiko modeli inakokuweza kuliko vitufe vyangu, na kuahidi ni kazi ya hifadhidata.

Mara ya tatu nilianza na visanduku badala ya hatua. Nafasi ya saluni inahitaji visanduku vinne vijazwe: huduma, ukubwa, siku, saa. Havijali mpangilio. Modeli inapewa ujumbe mmoja na visanduku vilivyokwisha kujazwa, kisha inarudisha tu ilichosikia. Haimjibu mteja. Chukua ujumbe huu, ambao ni wa aina tunayopokea kila siku: "Dada habari, jmosi asbh saa 3 nataka rasta ndogo, na rasta nije nazo?" Modeli inarudisha hivi:

```json
{"huduma": "rasta", "ukubwa": "ndogo",
 "siku": "jumamosi", "saa": 3,
 "kipindi": "asubuhi",
 "swali": "rasta_nani_analeta"}
```

Baada ya hapo msimbo ndio unaoamua. Kuna swali? Majibu yapo kwenye jedwali, dada aliyaandika mwenyewe kwa maneno yake, kama ishirini na tano hivi. Jibu linatoka neno kwa neno, bei zikiwemo. Kisha msimbo unatafuta kisanduku cha kwanza kilicho wazi na kukiulizia. Vikijaa vyote, hali inakuwa `SHIKILIA`, na kuanzia hapo ni mtiririko mgumu kama ule wa kwanza: shikilia, thibitisha kwa kitufe, subiri kianzio, imewekwa. Modeli haina mlango wa kuingilia hali hizo. Mteja akibandika ujumbe wa muamala, boti inajibu kwamba inasubiri taarifa kutoka kwenye mfumo wa malipo, na hali inabadilika pale tu taarifa hiyo inapofika kwenye seva yetu. Akiomba punguzo, hilo ni `swali` kama maswali mengine, na jibu lake ni la dada: "Bei ndiyo hiyo mpenzi, ila mkija wawili tunaongea."

Huo mpaka ndio ningemwonyesha mtu anayeanza leo. Usijiulize kama mazungumzo yawe huru au yafungwe. Pitia mazungumzo ukitafuta mahali ambapo neno likishatoka linamgharimu mtu pesa au safari, kisha funga hapo. Kabla ya hapo waachie waongee.

Kuhusu saa nina la kusema zaidi, maana Kiswahili chetu kina mtego ambao mafunzo ya kigeni hayautaji. Katika mara ya pili, modeli iligeuza "saa tatu" kuwa saa tisa mchana mara kadhaa, kwa sababu ilisoma 3 kama wanavyoisoma Waingereza. Mara nyingine iliigeuza vizuri. Kosa linalotokea mara moja moja ni baya kuliko linalotokea kila siku, kwa sababu majaribio yako yanapita. Kwa hiyo sasa modeli haigeuzi. Inarudisha namba na kipindi kama mteja alivyosema, na hesabu inafanywa na msimbo:

```python
def badili_saa(saa, kipindi):
    h = saa % 12 + 6
    if kipindi == "usiku" or (
        kipindi == "jioni" and saa in (12, 1)):
        h += 12
    return h % 24
```

Saa 3 asubuhi inatoka 9, saa 8 mchana inatoka 14, saa 12 jioni inatoka 18. Hiyo `saa in (12, 1)` imetokana na wanaosema "saa moja jioni", ambao bila mstari huo walikuwa wanapangiwa saa moja asubuhi, saluni ikiwa imefungwa. Alfajiri sijaishughulikia kwa sababu hatufungui alfajiri. Mwenye mabasi atahitaji kuiongeza. Mteja asipotaja kipindi, boti inauliza. Na uthibitisho wa mwisho huandikwa na msimbo kwa njia zote mbili: "Jumamosi saa 3:00 asubuhi (09:00)". Watu huisoma hiyo na kushtuka kabla ya kubonyeza, badala ya kushtukia mlangoni.

Tarehe pia modeli haiigusi. Inarudisha "kesho" au "kesho kutwa" kama ilivyo, na msimbo unahesabu kwa saa za Dar es Salaam. Seva yangu ilikuwa inahesabu kwa saa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku seva ilidhani bado ni jana. Wateja wa kusuka huandika usiku sana. Nilipangia watu siku moja mapema kwa wiki nzima kabla sijajua.

Kushikilia kiti nilikuwa nimekufanya vibaya tangu mara ya kwanza. Msimbo uliangalia kama nafasi iko wazi, kisha ukaandika. Kati ya kuangalia na kuandika, mteja wa pili naye anaangalia, anaona iko wazi, na wote wawili wanaandikwa. Ukitumia hifadhidata ya Postgres, kazi hiyo iachie yenyewe, kwa sharti moja ndani ya jedwali, ukishawasha kiendelezi cha `btree_gist`:

```sql
EXCLUDE USING gist
  (msusi_id WITH =, muda WITH &&)
```

Maana yake: msusi mmoja hawezi kuwa na vipindi viwili vinavyogongana, hata kwa dakika tano. Hilo lina maana kwa kusuka kuliko kwa kinyozi, kwa sababu rasta ndogo zinachukua saa sita na kuosha na kuseti ni saa moja na nusu, hivyo kulinganisha saa ya kuanza peke yake hakutoshi. Anayechelewa kuandika anakataliwa na hifadhidata, na boti inampa nafasi mbili nyingine za kuchagua. Kushikilia kunadumu dakika 15 kusubiri kianzio. Nilijaribu kuweka muda huo ndani ya sharti lenyewe nikashindwa, kwa kuwa masharti ya aina hiyo hayakubali saa ya sasa, `now()`. Sasa nafuta zilizopitwa na muda kabla ya kila jaribio la kuandika, ndani ya muamala ule ule wa hifadhidata.

Jambo moja dogo lililobadilisha hisia za wateja kuliko yote haya: sisi huandika vipande vipande. "Mambo." "Naomba nafasi." "Jmosi." "Asbh." Kila kipande kinafika kwenye seva kama ujumbe wake, na boti ilikuwa inajibu mara nne, majibu yakipishana kama abiria mlangoni. Sasa inangoja sekunde tano baada ya ujumbe wa mwisho, inaviunganisha, ndipo inavisoma. Dada aliniambia siku hizi inaonekana inafikiri.

Sauti bado hazijapata dawa. Sehemu kubwa ya wateja hutuma ujumbe wa sauti, na nilijaribu kuzigeuza maandishi, ila kelele za bodaboda na jenereta zinaharibu namba, na namba ndiyo ninayoihitaji. Kwa hiyo sauti na picha za misuko ("nataka kama hii") huenda kwa dada moja kwa moja, boti inanyamaza mpaka yeye airuhusu tena. Mwanzoni niliona aibu kuacha sehemu hiyo kwa binadamu. Yeye aliniambia kwamba picha lazima aione mwenyewe hata hivyo, ndio ajue zinahitaji wasusi wangapi.

Na kuna ukavu fulani. Boti ya mara ya pili ilikuwa na maneno matamu, hii ya tatu inarudia sentensi zile zile. Mteja mmoja wa zamani aliuliza yule binti mwingine ameacha kazi lini.

Kama ningekuwa na kinyozi mwenye huduma tatu na viti viwili, nisingegusa modeli kabisa. Vitufe vitatu vinamtosha, na fedha ya modeli anunue mashine ya kunyolea. Tofauti iko kwenye maswali: chukua mazungumzo hamsini ya kweli kutoka simu ya mwenye biashara, kwa ruhusa yake, uhesabu ni mangapi yana swali katikati. Kwa saluni yetu karibu yote yalikuwa nalo. Ningehesabu mapema, nisingejenga mara tatu, na miezi mitano ingekuwa miwili.

Juzi usiku wa kuamkia Jumapili, saa saba, mteja aliandika: "Kesho nataka kuja kuosha." Msimbo sasa unajua kwamba "kesho" ya saa hizo ina maana mbili, ukampa vitufe viwili: Jumapili (leo) na Jumatatu. Hakubonyeza. Akaandika, "Leo nikiamka." Kisanduku cha siku kikajaa. Cha saa kikabaki wazi, boti ikauliza saa ngapi, naye alikuwa ameshalala.